Tafsiri Yangu: Kudondoa Simulizi ya Mafia Katika Insha ya Kiingereza

Makala haya yanahusu maneno mawili tu yanayoandikwa ndani ya mabano, na ambayo wengi wetu huyaandika bila kufikiri, au hatuyaandiki kabisa. Katika idara yetu insha za fasihi huandikwa kwa Kiingereza. Lakini fasihi yenyewe tunayoipenda, na hasa ile tuliyokulia nayo huko visiwani, ni ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba kila mwanafunzi anayemdondoa Shaaban Robert, Kezilahabi au bibi yake mzaa mama, huwa mfasiri pale pale mezani, usiku, siku moja kabla ya kukabidhi kazi. Anafasiri sentensi, anaifungia alama za kunukuu, anaandika jina la mtunzi na ukurasa, basi. Msomaji anayesoma anaamini kwamba mtunzi yule aliandika Kiingereza kile. Hakuandika. Kiingereza kile ni cha mwanafunzi.

Kuna watakaosema huu ni ushuluti wa wakutubi. Nami nasema hapana, na sababu yangu nitaieleza kwa mfano mmoja tu ambao nimekaa nao muda mrefu, kisa cha Kua. Wenyeji wa Mafia wanakijua, lakini kwa ajili ya wenzetu wa bara nitakieleza kwa kifupi.

Kua ni mji wa magofu ulioko kisiwa cha Juani, ng'ambo ya Chole. Ulivamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, na tangu hapo haukuinuka tena. Mji mwingine wa zamani ni Kisimani, kule ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa, ambao bahari imekwisha kuula sehemu kubwa. Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliunda chombo, na siku ya kukishusha majini wakawalaza watoto wa Kua mchangani na kukipitisha chombo juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, mpaka ilipodhaniwa yamesahaulika. Ndipo wakawaalika wa Kisimani harusini, wakawaweka katika chumba cha chini ya nyumba, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja wa kuwashughulisha wageni, na mlango ukazibwa kwa mawe. Kisa hiki kilichapishwa kwa Kiingereza na Revington mwaka 1936, katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records.

Mimi nilikuwa naandika insha juu ya yule mzee. Swali langu lilikuwa jepesi kulitamka: je, katika kisa hiki mzee ni mtego, au naye ni kafara? Kwa ajili hiyo nilimrekodi bibi mmoja wa Juani akisimulia. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hakutaka, na katika insha nilimwita Bibi wa Juani. Alipofika kwenye chumba alisema hivi:

"Basi wageni wakatiwa chumbani wakala, na mzee wao mmoja akabaki anawazungumza. Huku nje mlango ukajengwa. Naye hakutoka."

Sentensi tatu. Mtu yeyote aliyefaulu Kiingereza cha sekondari anaweza kuzifasiri kwa dakika mbili, na pengine atapata kitu kama hiki:

```
"The guests were shown into a room to eat, while an old man
stayed behind to talk to them. Outside, the door was being
built. He did not come out."
```

Kiingereza hiki ni safi, hakina kosa la sarufi. Lakini hebu tukipekue neno kwa neno, tuone kimesema nini ambacho bibi hakusema.

Kwanza ni mzee. Kiswahili hakina mume wala mke katika neno hilo, wala katika kiambishi cha kitenzi. Mzee anaweza kuwa babu, anaweza kuwa bibi, anaweza kuwa mtu wa makamo mwenye heshima yake mjini. Kiingereza changu cha juu kimemfanya mwanamume mara mbili: mara moja kwa jina, mara ya pili kwa kiwakilishi. Revington pia ana mwanamume. Basi mwanafunzi akishasoma Revington, jicho lake limekwisha fungwa, atamwona mwanamume hata pale ambapo hayupo. Nilirudi kwa bibi nikamwuliza, "Bibi, huyo mzee alikuwa mwanamume au mwanamke?" Akanitazama kama niliyeuliza rangi ya upepo. "Mzee tu, mwanangu," akasema. Hapo nikajua kwamba msimulizi huyu hakuwa na haja ya kuamua, kwa hiyo nami sikuwa na ruhusa ya kumwamulia.

Pili ni wao. Mzee wao: wa nani? Wa wenyeji waliobaki nje, au wa wageni walioingia? Kwa mujibu wa kisa chote ni wa wenyeji, lakini jinsi sentensi ilivyopangwa, aliyetajwa karibu ni wageni, na sikio linaweza kumpeleka mzee upande wowote. Kwa insha yangu jambo hili ni kubwa, maana mzee anayekufa pamoja na wageni anakuwa nusu wao. Tafsiri ya kwanza imeliondoa neno hilo moja kwa moja. Nalo lilikuwa ushahidi.

Tatu ni anawazungumza. Hapa ndipo watoto wa siku hizi, na mimi nimo, huteleza. Hakusema "anazungumza nao". Mazungumzo kwa wazee wetu wa pwani si maneno tu. Ni kumstarehesha mtu, kumpitishia wakati kwa soga, hadithi na mafumbo ili asione urefu wa usiku. Kumzungumza mgeni ni kumkirimu kwa ulimi. Basi mzee hakuwa anaongea tu, alikuwa anafanya kazi ya sanaa, na kwa sanaa hiyo watu hawakusikia mawe yanapangwa. Msomi wa fasihi akilipoteza neno hili amepoteza nusu ya kisa, kwa kuwa hiki ni kisa cha msimulizi anayeua kwa kusimulia.

Nne ni mlango ukajengwa. Ukilifasiri neno kwa neno, Mwingereza ataona seremala na mbao, mlango mpya unatengenezwa. Bibi aliposema neno hilo alikuwa anapanga hewani kwa viganja, jiwe juu ya jiwe. Maana yake ni kwamba uwazi wa mlango ulijengewa ukawa ukuta. Lakini angalia pia kwamba hakutaja aliyejenga. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, na mtenda hayupo. Mfasiri mwenye bidii angeweza kuandika kwamba watu wa Kua waliujenga, na angekuwa amewashitaki watu ambao msimulizi amewasitiri kwa makusudi au kwa adabu. Vivyo hivyo wakatiwa: kutia ni kwa vitu, unatia maji mtungini, unatia nazi kwenye pakacha. Kiingereza cha kwanza kimewakaribisha wageni kwa upole, kumbe Kiswahili kimewatia kama mzigo.

Mwisho ni naye, ambalo laweza kuwa "na yeye" tu la kuendeleza habari, au "yeye pia". Sentensi nzima ya mwisho imesimama juu ya silabi hizo mbili. Kwenye mkanda bibi alilivuta kidogo na kulikazia, ndiyo maana nimelisoma kuwa ni "yeye pia". Huo ni uamuzi wangu, na msomaji ana haki ya kujua kwamba ni uamuzi.

Baada ya kupita njia hiyo nikafika hapa:

```
"So the guests were put into a room and ate, and one elder
of theirs stayed, keeping them entertained. Meanwhile,
outside, the doorway was built shut. And that elder did not
come out either."
```

Si Kiingereza cha kupendeza sana, nakubali. Kuna mahali kimekunja uso. Lakini mzee hana jinsia, wao imebaki na utata wake, mtenda hayupo, na wageni wametiwa. Ili kukipima nilimpa mwenzangu wa bwenini, mtu wa Tanga ambaye hakuwa amesikia kisa, nikamwomba akirudishe katika Kiswahili bila kuona maneno ya bibi. Nilimpa na ile ya kwanza pia, siku nyingine. Kutoka ya kwanza alinipa "babu mmoja akabaki akiongea nao" na "mlango ulikuwa unatengenezwa". Kutoka ya pili alinipa "mzee wao mmoja akabaki akiwaburudisha" na "mlango ukajengewa". Kipimo hiki hakithibitishi kuwa tafsiri ni nzuri, ila kinaonyesha upesi pale inapovuja. Kinachukua nusu saa na kikombe cha chai.

Sasa tunafika kwenye mabano. Kwa utaratibu wa MLA, ambao idara nyingi za fasihi huutumia (toleo lake la 9 ni la mwaka 2021), dondoo uliyoifasiri mwenyewe hutiwa alama ya kunukuu kama kawaida, na ndani ya mabano unaongeza maneno yanayosema kuwa tafsiri ni yako, yakitengwa na mahali pa chanzo kwa nukta-mkato. Kwa kuwa chanzo changu ni mkanda na si kitabu, badala ya ukurasa ninaweka dakika na sekunde:

```
(Bibi wa Juani 00:14:32-50; my trans.)
```

Ingekuwa riwaya, pale penye dakika pangekuwa na namba ya ukurasa wa toleo la Kiswahili. Hili nalikazia: ukurasa ni wa Kiswahili, kwa sababu hicho ndicho kitabu ulichokishika. Na kule mwisho, kwenye orodha ya marejeo, chanzo kinaingia kwa lugha yake, kwa jina lake la Kiswahili, bila nafasi ya mfasiri. Nimeona insha ambazo mwandishi amejitia mwenyewe kwenye orodha kama mfasiri wa kitabu kizima. Hapo anamwambia msomaji kwamba kuna kitabu kilichotafsiriwa na kuchapishwa, na maskini msomaji atakwenda kukitafuta maktaba hata macho yamtoke. Wewe hukufasiri kitabu, umefasiri sentensi tatu. Mahali pa kulisema hilo ni kwenye dondoo.

Kama dondoo zako zote ni tafsiri zako, hakuna haja ya kurudia mabano yale kila ukurasa mpaka yachoshe. Weka tanbihi moja kwenye dondoo ya kwanza, iseme kwamba tafsiri zote ni zako isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo:

```
Unless otherwise noted, all translations are mine.
```

Lakini tanbihi hiyo ni ahadi. Ukishaiandika, kila dondoo ambayo si yako lazima imtaje mfasiri wake, hata mstari mmoja. Ukisahau mmoja tu, umeiba.

Wanafunzi wanaochukua masomo ya elimu au saikolojia pamoja na fasihi wajihadhari, kwa sababu utaratibu wa APA (toleo la 7, 2020) una mawazo tofauti kabisa. APA inasema kwamba kifungu ulichokifasiri mwenyewe kihesabiwe kuwa ni maelezo kwa maneno yako, si dondoo. Maana yake hakitiwi alama za kunukuu. Wengine huona ajabu, lakini mimi naona kuna busara ndani yake: maneno yale ya Kiingereza ni yako kweli, hayakutoka kinywani mwa mtunzi, sasa alama za kunukuu zinamnukuu nani? Ukitaka alama hizo chini ya APA, zitie kwenye Kiswahili chenyewe, pamoja na mahali pake, kisha Kiingereza kifuate bila alama. Na kwenye marejeo jina la kitabu linaandikwa kwa Kiswahili, likifuatiwa na maana yake ya Kiingereza ndani ya mabano mraba. Mhadhiri akikuandikia "APA" juu ya swali halafu ukafuata MLA, tofauti hii ndiyo ataiona kwanza.

Chicago nao wanaruhusu maelezo kama hayo ndani ya mabano au katika tanbihi. Ila kuna namna moja ya kuandika ambayo ningewaomba wenzangu waiache, nayo ni ile ya kusema "tafsiri ya mwandishi". Mwandishi yupi? Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Tamthiliya ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1969, na mwaka 1970 ikatoka kwa Kiingereza, na aliyeifasiri ni Hussein mwenyewe. Ukidondoa kwa Kiingereza na kuandika ndani ya mabano kwamba ni tafsiri ya mwandishi, hakuna anayeweza kujua kama ni Hussein au ni wewe wa mwaka wa pili. Sema "yangu". Kinyenyekevu au si kinyenyekevu, inaeleweka.

Mfano huo wa Kinjeketile unaleta swali jingine: ikiwa tafsiri iliyochapishwa ipo, una haki ya kufanya yako? Kwa kawaida utumie ile iliyochapishwa na umtaje mfasiri, kwa sababu msomaji anaweza kuifungua na kukukagua. Ashairi za Kezilahabi zilizofasiriwa na Annmarie Drury mwaka 2015 zipo, zitumie. Lakini kama hoja yako imesimama juu ya neno la Kiswahili ambalo tafsiri ile imelipitia njia nyingine, fanya yako, na useme wazi kwamba iliyochapishwa ipo na kwa nini umeiacha. Usifasiri upya kwa sababu tu kitabu cha Kiingereza hakipo maktaba. Na jambo baya zaidi ni kuichukua tafsiri ya mtu, kubadilisha maneno mawili matatu, na kuiita yako. Mtego huo hugunduliwa kirahisi, maana yule mfasiri wa kwanza alikuwa na makosa yake na mapenzi yake, nawe unayabeba yote bila kujua.

Kwa upande wa Mafia hali ni ya kuvutia kwa sababu sauti nyingi za kisiwa zimefika chuoni zikiwa zimekwisha vaa Kiingereza. Historia na mapokeo ya Mafia yaliyokusanywa na Kadhi Amur Omar Saadi yalichapishwa mwaka 1941 kwa tafsiri ya Piggott. Pat Caplan, mwanaanthropolojia aliyeanza kufanya utafiti kaskazini mwa kisiwa miaka ya 1960, alichapa mwaka 1997 kitabu cha maisha ya mtu aliyempa jina la Mohammed, kwa maneno ya mtu huyo mwenyewe, mengine ya kuandikwa na mengine ya kusemwa, yeye Caplan akiwa mfasiri na mhariri. Ukidondoa humo, Kiingereza ni cha Caplan. Huandiki kwamba ni tafsiri yako, hata kama wewe ni mzaliwa wa Kilindoni na unahisi kwamba unakijua Kiswahili kilichokuwa chini yake.

Hapo ndipo kuna shimo ambalo wengi hawalioni, nalo liko upande wa pili wa njia. Tuseme insha yako ni ya Kiswahili, na unataka kumnukuu Mohammed. Unachukua Kiingereza cha Caplan, unakirudisha katika Kiswahili kizuri cha pwani, unakifunga kwa alama. Msomaji anafurahi: ah, hivi ndivyo mzee wa Mafia alivyosema! Sivyo. Hayo ni maneno yako yaliyotungwa juu ya maneno ya Caplan yaliyotungwa juu ya maneno ya Mohammed. Kiswahili chake halisi kimebaki kwenye madaftari. Na kwa kuwa lugha zinafanana, udanganyifu huu ni mkubwa kuliko ule wa Kiingereza, maana kule angalau kila mtu anajua kwamba mzee hakusema Kiingereza. Katika hali hiyo acha alama za kunukuu, eleza habari kwa maneno yako, na useme umeitoa katika tafsiri ya Caplan.

Watu wa Chicago wanakataza vikali kukirudisha katika Kiingereza kitu kilichoanza kwa Kiingereza. Kwa sisi mfano wa karibu ni Mwalimu Nyerere, aliyemfasiri Shekspia katika Juliasi Kaizari, tafsiri iliyotoka kwanza mwaka 1963, na katika Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ukimdondoa Brutasi katika insha ya Kiingereza, nenda kwa Shekspia mwenyewe, usimfasiri Nyerere. Sheria nzuri. Lakini ina mwisho wake, na mwisho wake ni pale ambapo kitu unachokichunguza ni kazi ya mfasiri. Jina la tamthiliya ya pili linatosha kuonyesha. Shekspia ana mfanyabiashara mmoja, Nyerere ana mabepari, wengi, na neno lenyewe ni la miaka ya Azimio la Arusha. Ukiweka jina la Shekspia mbele ya msomaji wa Kiingereza, hoja imekufa kabla haijazaliwa. Hapo ni lazima urudishe, na ni lazima useme ni wewe uliyerudisha:

```
Mabepari wa Venisi ("The Capitalists of Venice"; my trans.)
```

Turudi kidogo kwa bibi, kwani limebaki suala la Kiswahili chenyewe: kiwekwe ndani ya insha au kiachwe? MLA inakuruhusu kuweka lugha zote mbili, ya asili kwanza au tafsiri kwanza, kufuatana na wasomaji wako. Ushauri wangu ni kwamba kama unadondoa kwa ajili ya habari tu, kwa mfano kwamba chumba kilikuwa chini ya nyumba, Kiingereza pamoja na mabano yake kinatosha. Lakini kama hoja yako imeshikilia neno, Kiswahili lazima kiwepo pale pale juu ya tafsiri, si katika kiambatisho huko nyuma ambako hakuna afikaye. Kwa maana katika dondoo kama hii wewe ni shahidi na mkalimani kwa wakati mmoja. Mahakamani mtu mmoja haruhusiwi kuwa wote wawili. Katika insha tunaruhusiwa, kwa sharti kwamba anayejua lugha aachiwe nafasi ya kukupinga.

Na kweli nilipingwa. Mhadhiri mmoja, mtu wa Lamu, aliposoma rasimu aliweka mstari chini ya naye na kuandika pembeni kwamba kwao hilo ni la kuunganisha tu, halina "pia" ndani yake, na kwamba kafara yangu yote imejengwa juu ya kiungo cha sentensi. Nilimpelekea mkanda. Alisikiliza mara tatu, akasema bibi amekaza kweli, lakini bibi amekaza maneno mengi humo, akanionyesha matatu. Tukabishana kwa saa nzima. Kama ningempa Kiingereza peke yake, pasipo Kiswahili na pasipo yale mabano, asingekuwa na mahali pa kushika, angekubali tu.

Mambo mawili madogo ya kiufundi kabla sijaweka kalamu. Ukikata maneno kwa nukta tatu, zikate lugha zote mbili mahali pamoja, nukta zisiwepo upande mmoja tu. Na usimsanifishie msimulizi Kiswahili chake. Kama amesema "anawazungumza", usiandike "anazungumza nao" kwa kuogopa kwamba msahihishaji atadhani hujui sarufi. Ukiona hofu hiyo, tia tanbihi fupi ueleze matumizi ya mahali pale. Katika insha yangu ile tanbihi ya neno hilo moja ilifika mistari sita, na katika toleo la mwisho naye ikapata yake ya mistari minne, yenye pingamizi la mhadhiri na jibu langu, vyote viwili.